Mwongozo kamili: maswali ya kumuuliza mtu aliyekusimulia mlo wake, mpaka ujue kalori, mafuta na kiasi alichokula

Wengi wanaowaandikia wazazi wao chakula cha kila siku, kwa sababu ya sukari au presha, huniletea daftari lenye maneno haya: "Mchana: wali, samaki. Kalori 600." Nikiuliza hiyo 600 imetoka wapi, naambiwa sahani moja ya wali ni 400 na samaki ni 200. Kisha nampigia simu aliyepika, naye ananieleza mlo mwingine kabisa.

Wenye madaftari hayo hesabu wanaijua. Wanachokosea ni maswali. Wanauliza "Ulikula wali kiasi gani?" wanajibiwa "Kidogo tu." Wanauliza "Mafuta yalikuwa mengi?" wanajibiwa "La, ya kawaida." Majibu hayo hayapimiki, kwa hiyo wanakisia.

Mwongozo huu ni wa mlo uliopikwa nyumbani, ambao hukuuona, unaosimuliwa kwa mdomo. Nitatumia simu moja niliyompigia mama wa makamo anayekaa Kisauni. Mlo wake ulikuwa wali wa nazi na mchuzi wa samaki, chakula cha mchana cha nyumba nyingi za Mombasa, nacho ndicho kinachowapiga chenga watu wengi zaidi.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapiga simu

- Daftari na kalamu. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Hesabu itakuja baadaye.
- Kikombe cha kupimia cha mililita 250, kijiko kikubwa cha mililita 15 na kijiko cha chai cha mililita 5. Hivi ni vya kwako wewe, ili ujue akisema "kijiko" unafikiria ukubwa gani.
- Ikiwa mnakaa nyumba moja au unaweza kumtembelea: maji na dakika kumi za kupima upawa, kikombe na glasi za jikoni kwake. Ukifanya mara moja, utatumia vipimo hivyo miezi yote.
- Namba chache za kuanzia, ambazo ni hizi:

Mafuta ya maji ya kupikia, kijiko kikubwa kimoja: kalori 120. Kijiko cha chai: 40.
Mchele mkavu, kilo moja: kalori 3,600. Kikombe cha mililita 250: takriban 700.
Tui zito (kasimele), kikombe kimoja: kalori 450 hadi 550, karibu zote za mafuta.
Sukari, kijiko cha chai kilichosawazishwa: kalori 16.
Nyama ya samaki mweupe kama changu, bila mafuta, gramu 100: takriban kalori 100.

Nikisema kalori nakusudia ile inayoandikwa kcal kwenye pakiti za vyakula. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu moja ya wanga au protini ina 4. Ndiyo maana maswali ya mafuta yanachukua nafasi kubwa katika simu hii kuliko maswali ya nyanya.

## Hatua ya 1: Mwache asimulie mpaka mwisho

Swali la kwanza ni moja tu: "Mama, nieleze ulichokula mchana, tangu ulipokaa mpaka uliponyanyuka." Kisha nyamaza.

Ukimkatiza kwa "wali kiasi gani?" akiwa ndiyo kwanza anaanza, atajua unataka namba, naye ataanza kupunguza. Mtu mwenye sukari amekwisha kukaripiwa hospitalini na nyumbani. Akihisi anahukumiwa, chakula kitapungua mdomoni hata kama hakikupungua sahanini.

Huyu mama alinijibu: "Marahaba mwanangu. Nilikula wali kidogo na kipande cha samaki. Mafuta sikutia, tui tu."

Andika hivyo hivyo. Usiseme "tui nalo lina mafuta." Si wakati wake, na ukisema utakosa majibu yote yanayofuata.

Umefaulu ikiwa una orodha ya vitu vilivyoliwa, japo haina kiasi chochote.

## Hatua ya 2: Mtafute aliyepika

"Nani alipika?" Swali hili hurukwa kila siku, nalo ndilo linaloamua kama maswali ya mafuta yana maana. Mlaji hajui kilichoingia chunguni. Baba atakwambia kwa yakini kwamba mchuzi haukuwa na mafuta, kwa sababu hakuyaona yakielea.

Mlaji akiwa si mpishi, muulize yeye kiasi alichokula, kisha omba uzungumze na mpishi kuhusu chungu. Mpishi asipopatikana, andika "mpishi hakuulizwa" pembeni mwa mafuta, na uweke kadirio pana.

Huyu mama alipika mwenyewe.

## Hatua ya 3: Uliza chungu kabla ya sahani

Hapa ndipo njia yangu inapotofautiana na ya wengi. Mtu hakumbuki sahani yake ilikuwa na gramu ngapi, wala hajawahi kujua. Lakini aliyepika anakumbuka alipima mchele kiasi gani, kwa sababu alipima kwa mikono yake na huenda ndiyo kwanza aliununua. Ukijua chungu kizima, utakigawa baadaye.

Maswali yenyewe:

"Mchele ulipika kiasi gani, kilo au vikombe?" Akisema vikombe, uliza kikombe gani: kile cha chai cha udongo, au kile kikubwa cha plastiki? Vikombe hivyo viwili vinaweza kupishana maradufu.

"Nazi ngapi? Zote ziliingia kwenye wali, au nyingine ilikuwa ya mchuzi?"

"Ulikuna mwenyewe au ulitumia tui la pakiti?" La pakiti ni rahisi: ana pakiti, akusomee ujazo na mafuta yaliyoandikwa. La kukuna linahitaji swali moja zaidi: "Chicha uliikamua mara ngapi, na tui la kwanza liliingia wapi?" Tui la kwanza ndilo zito. La pili na la tatu ni jepesi, na mafuta yake ni machache. Mpishi akiivishia wali kwa tui jepesi kisha akamalizia mchuzi kwa kasimele, mafuta mengi yako kwenye mchuzi, na aliyekula wali mwingi na mchuzi mdogo ana hesabu tofauti na mwenzake wa sinia moja.

Kwa nazi ya wastani iliyokamuliwa kwa mkono na kuchujwa kwa kifumbu, mimi huhesabu gramu 50 za mafuta, yaani takriban kalori 500 kwa nazi nzima. Nazi ndogo huweza kutoa gramu 40, kubwa iliyokomaa gramu 70. Mafuta mengine hubaki kwenye chicha, kwa hiyo usichukue namba ya nyama yote ya nazi.

Mama alinijibu: mchele kilo moja, nazi mbili kwenye wali na moja kwenye mchuzi, alikuna mwenyewe, na kila sehemu ilipata tui lake lote.

Chungu cha wali basi ni 3,600 za mchele na 1,000 za tui: kalori 4,600.

Ishara ya kufaulu: unaweza kumrudishia mpishi mapishi yake kwa kiasi, naye akakubali. "Kwa hiyo mama, kilo moja ya mchele, nazi mbili, chumvi, basi?" Akisema "Eeh, basi," endelea.

## Hatua ya 4: Mafuta ya kupikia

Tulia hapa, kwani hapa ndipo kalori nyingi zinapojificha.

Kwanza, usiulize "Ulitia mafuta?" Kwa wapishi wengi wa pwani, mafuta ni yale ya kukaangia chakula kikaelea. Yale ya kukaangia vitunguu hayahesabiki kuwa mafuta; ni sehemu ya mchuzi kama chumvi. Na tui, kwao, ni nazi. Kwa hiyo mama aliposema "mafuta sikutia" hakudanganya.

Uliza vitendo badala yake, kimoja kimoja, kwa mpangilio wa kupika:

"Ulianza na nini sufuriani?" Akisema vitunguu, uliza: "Vilikaangwa kwenye nini?" Jibu linaweza kuwa mafuta ya maji, mafuta ya mgando, samli au siagi. Kwa kalori, tofauti kati yake ni ndogo kijiko kwa kijiko. Daktari aliyeuliza habari za mafuta kwa ajili ya moyo ndiye anayehitaji aina, kwa hiyo iandike, ila usipoteze muda kuibadilisha hesabu.

"Ulimimina kutoka chupani au ulipima kwa kijiko?" Mmiminaji hawezi kukupa vijiko. Muulize alichokiona: "Mafuta yalifunika chini yote ya sufuria, au yalikaa katikati tu? Vitunguu vilipoingia, vilikuwa vinaogelea au vinagusa chini?"

Sababu ya swali hili ni hii. Sufuria yenye upana wa sentimita 25, mafuta yakifunika chini yote kwa unene wa milimita 1 tu, hayo ni takriban mililita 50. Zaidi ya vijiko vikubwa vitatu, yaani kalori 400, na kwa macho ya mpishi ni "kidogo." Vitunguu vikiogelea, zidisha mara mbili au tatu.

"Samaki aliingia mchuzini mbichi, au alikaangwa kwanza?" Swali hili uliza hata kama umeambiwa "samaki wa mchuzi." Samaki wa mchuzi wa nazi mara nyingi hupitishwa kwenye mafuta kwanza ili asivunjike. Hali ni hiyo hiyo kwa viazi na biringani: uliza kama vilikaangwa kabla ya kuungwa.

"Mafuta ya kukaangia ulimimina kiasi gani, na yaliyobaki yalirudi kiasi gani?" Wanaoshindwa hapa huandika mafuta yote yaliyomiminwa, au huandika sifuri kwa sababu "yalirudishwa chupani." Yote mawili ni makosa. Kilicholiwa ni tofauti kati ya yaliyoingia na yaliyorudi. Muulize alama: chupa ya soda ilikuwa imejaa mpaka wapi kabla, na baada ya kuchuja ikafika wapi?

Uliza pia kama kitu kingine kilikaangwa kwenye mafuta hayo hayo kabla ya kurudishwa. Viazi vya watoto vikipita humo, sehemu ya upungufu ni yao.

"Ulimalizia na nini?" Samli kijiko kimoja juu ya wali, au kasimele iliyobakizwa ya kumwagia mwisho. Mpishi huisahau kwa sababu ilikuja moto ukiwa umezimwa.

Haya ndiyo mazungumzo yetu kuanzia hapo:

"Mchuzi ulianza na vitunguu, mama?"
"Eeh, lazima uvikaange, si utanuka mbichi."
"Mafuta yalifunika chini ya sufuria?"
"Nilitia vijiko vitatu vile vikubwa. Mimi humimina kwa kijiko, siku hizi mafuta ghali."
"Na samaki aliingia mbichi?"
"Ah, nilimkaanga. Lakini mafuta yale nimeyarudisha."
"Ulimimina kikombe?"
"Kikombe. Yamerudi, yamepungua robo hivi. Samaki tu, sikukaanga kingine."

Dakika nne zilizopita alikuwa hajatia mafuta. Sasa tuna vijiko vikubwa vitatu mchuzini, takriban mililita 45 au kalori 370, na robo kikombe iliyonyonywa na samaki, takriban mililita 60 au kalori 500.

Angalizo: sauti yako isibadilike. Ukisema "Aa, kumbe!" umemfungia mlango wa kesho. Jibu zuri kwa kila kitu ni "Sawa mama, na baadaye?"

Wapo wanaonunua mafuta ya kupimiwa dukani kwa shilingi. "Nilinunua ya shilingi hamsini" ni jibu zuri sana, mradi ujue duka lake linatoa mililita ngapi kwa bei hiyo wiki hii. Bei hupanda na kushuka, kwa hiyo usitumie kipimo cha mwaka jana.

## Hatua ya 5: Gawa chungu

Sasa ndiyo unakuja kwenye kiasi alichokula, na hata hapa usiulize gramu. Uliza mgao.

"Walikula watu wangapi? Kila mmoja alipakuliwa vijiko vingapi? Kilibaki kiasi gani sufuriani?"

Uzuri wa njia hii ni kwamba ukubwa wa kijiko cha kupakulia hauna haja ya kujulikana. Ukijua vijiko vyote na vyake yeye, unajua sehemu yake ya chungu. Kinachotakiwa ni kijiko kiwe kile kile kwa wote na kijazwe kwa namna moja. Uliza hilo: "Vya baba ulivijaza lundo, na vyako?"

Majibu: mume vijiko vitano, yeye vitatu, watoto watatu viwili viwili, na vikabaki kama viwili. Jumla 16.

Kisha swali ambalo kwa wali wa nazi halikwepeki: "Na ukoko ulikula nani?"

Alicheka. Ukoko aliukwangua yeye na kitinda mimba, wakagawana. Ukoko umenyonya tui na umekauka, kwa hiyo kipande kidogo kina chakula kingi kuliko kinavyoonekana. Niliuhesabu wote kuwa kama kijiko kimoja, na nusu ya hicho ni ya mama. Chungu kikawa cha vijiko 17, na vyake 3 na nusu.

4,600 gawa kwa 17 ni 270 kwa kijiko. Mara 3 na nusu: takriban 950.

Wali "kidogo" una kalori 950. Ili kujiridhisha, linganisha na uzito: kilo moja ya mchele hutoa karibu kilo mbili na nusu hadi tatu za wali, kwa hiyo sehemu yake ni zaidi ya nusu kilo. Mtu mzima mwenye njaa hula hivyo bila shida. Ingetoka kilo moja na nusu, ningejua tumekosea hesabu ya vijiko na ningerudi kuuliza.

### Wakila sinia moja

Hapa vijiko havipo. Uliza mambo matatu: wakubwa wangapi na watoto wangapi walizunguka sinia, sinia lilibaki tupu au lilibaki kitu, na nani alinyanyuka wa kwanza. Anayenyanyuka mapema amekula pungufu ya fungu lake. Mimi huanza kwa kumhesabu mtoto wa miaka mitano hadi kumi kuwa nusu ya mkubwa, kisha narekebisha kwa jibu la tatu. Kadirio la sinia ni pana daima. Liandike pana, usilibane ili lipendeze.

Kitoweo katika sinia hakigawiki kama wali. Vipande huhesabika, kwa hiyo vihesabu peke yake.

### Akila nje

Mahamri ya asubuhi, viazi karai, bajia: mpishi hupati, kwa hiyo hesabu vipande na ukubwa. "Hamri lilikuwa kama kiganja chako au dogo? Ulikula mangapi?" Hamri la ukubwa wa kiganja ni takriban kalori 180 hadi 250, kutegemea sukari na lilivyonyonya mafuta. Uliza kama lilikuwa kavu mkononi au liliacha mafuta kwenye karatasi, kisha chagua upande wa juu au wa chini. Na kama alikula na mbaazi za nazi, uliza bakuli lilijaa au lilikuwa nusu, na kama alimaliza rojo. Tui liko kwenye rojo.

## Hatua ya 6: Vitu vya pembeni

Pitia orodha fupi kwa kutaja majina, kwa sababu mtu huvisahau asipotajiwa: kinywaji, sukari, achari, kachumbari, tunda, kitu ulichoonja wakati wa kupika, chakula cha mtoto ulichomalizia.

Hicho cha mwisho wakiulize akina mama wote. Mabaki ya sahani za watoto watatu yanaweza kuwa kijiko kizima cha wali.

Huyu mama hakumalizia cha mtoto, lakini alikunywa glasi ya juisi ya ukwaju. Jagi la glasi sita lilitiwa nusu kikombe kidogo cha sukari, kama gramu 100, sawa na kalori 400. Kwa glasi moja, pamoja na ukwaju wenyewe, nikaandika 80.

Kachumbari na pilipili niliziacha. Dania, nyanya mbili, ndimu: usiziulize kiasi. Kanuni yangu ni kwamba swali ambalo jibu lake haliwezi kusogeza mlo kwa kalori 50 haliulizwi. Simu ikizidi dakika kumi, mtu huchoka na kuanza kujibu "kawaida" kwa kila kitu, na hapo umepoteza hata yale uliyokuwa unayahitaji.

## Hatua ya 7: Jumlisha, na uandike kwa upana

Wali na ukoko: 950.

Samaki: alikuwa changu wa kilo moja kabla ya kusafishwa, vipande vitano. Nyama iliyoliwa ni takriban gramu 100 kwa kipande, kalori 100. Mafuta aliyonyonya ni 500 gawa kwa vipande vitano, 100. Jumla 200.

Mchuzi: tui la nazi moja 500, mafuta ya vitunguu 370, vitunguu na nyanya takriban 90. Jumla 960. Ulitoka upawa nane, yeye alimwagia upawa mbili. Sehemu yake 240.

Juisi: 80.

Mlo mzima ni takriban kalori 1,470. Daftarini niliandika "1,300 hadi 1,650," kwa sababu nazi hazilingani na vijiko havijazwi sawasawa. Namba moja iliyonyooka ingemfanya mtaalamu wa lishe adhani chakula kilipimwa kwa mzani.

Mafuta peke yake: kutoka tui la wali gramu 21, kutoka kukaanga samaki 11, kutoka mchuzi 23. Jumla gramu 55, karibu vijiko vikubwa vinne, theluthi ya kalori zote za mlo ambao ulianza kwa "mafuta sikutia." Na zaidi ya nusu yake ni ya nazi. Mtu angemwambia mama huyu aache kukaanga samaki, angepunguza kalori 100. Nazi moja badala ya mbili kwenye wali ingempunguzia karibu hizo hizo, na kijiko kimoja cha wali kingempunguzia 270. Daftari lenye 600 lisingeweza kumwonyesha hivyo.

Onyo: makadirio haya ni ya kumpelekea mtaalamu wa lishe na kuona mwenendo wa wiki kadhaa. Usiyatumie kubadilisha kiasi cha insulini au vidonge vya sukari. Hilo ni la kliniki yake, na kliniki inahitaji pia vipimo vya damu.

## Hatua ya 8: Hakiki kwa chupa

Mara moja kwa wiki, si kila siku, uliza: "Lita moja ya mafuta inakaa siku ngapi hapo nyumbani, na mnakula wangapi?"

Mama alisema siku nne, watu watano. Lita ni mililita 1,000. Gawa kwa siku nne, kisha kwa watu watano: mililita 50 kwa mtu kwa siku, zaidi ya kalori 400, bila kuhesabu nazi. Mchana ule mafuta ya chupa yalikuwa 45 na 60, jumla 105, yaani mililita 21 kwa mtu. Zilizobaki 29 zinatosha chapati za asubuhi na mboga ya usiku. Maelezo yake yanaoana.

Kama daftari lako la wiki linasema kila mtu anakula mililita 10 kwa siku na chupa inasema 50, mafuta yameponyoka mahali fulani. Kabla ya kumshuku msimulizi, uliza mawili. Mafuta ya kukaangia humwagwa yakiwa meusi? Hayo yaondoe. Na je, anapika vitafunio vya kuuza, au majirani huchota kwenye chupa? Yakishaondolewa hayo, rudi Hatua ya 4 na uanze na mlo wa asubuhi. Huko ndiko ninakoyakuta mara nyingi: kwenye chapati zinazopakwa mafuta wakati wa kusukumwa, kisha zikapakwa tena pande zote mbili kwenye chuma, na mpishi akasema amezichoma tu.